Tita, Teta, Tata, Tota, Tuta

Yatamke maneno haya matano polepole na kwa sauti: tita, teta, tata, tota, tuta. La kwanza ni mzigo wa kuni zilizofungwa pamoja, la pili ni kugombana kwa maneno, la tatu ni jambo lililofungamana, la nne ni kuzama, na la tano ni udongo ulioinuliwa shambani ili kupanda viazi. Yote yana t mbili mahali palepale, yote yanaishia kwa a, na mkazo wa yote uko kwenye silabi ya kwanza. Kinachobadilika ni kimoja tu, irabu ya kwanza, na mabadiliko hayo peke yake yanatosha kututoa kwenye kuni hadi kwenye viazi.

Wengi waliosoma Kiswahili sekondari wanakumbuka jedwali la irabu: i ni ya juu, mbele, midomo imetandazwa, u ni ya juu, nyuma, midomo imeviringwa, na kuendelea. Jedwali hilo hukaririwa usiku wa kuamkia mtihani na kusahaulika wiki inayofuata. Nalihurumia, kwa kuwa ni kama watu wamepewa ramani ya nyumba yao wenyewe bila kuambiwa kwamba wamo ndani yake. Kila sifa iliyotajwa kwenye jedwali lile unaweza kuigusa, kuiona au kuisikia mwilini mwako sasa hivi. Tena sifa hizo zina kazi: ndizo zinazoamua kwamba tunasema *pikia* lakini *somea*, na ndizo zinazoeleza kwa nini mtu anayepika ni mpishi, si mpiki.

Tuanze na urefu, yaani ulimi uko juu au chini kiasi gani. Weka kiganja chini ya kidevu, kisha tamka i-e-a mfululizo bila kukata pumzi. Utahisi taya likishuka hatua kwa hatua. Hata hivyo, taya ni msaidizi tu. Uma kalamu kwa meno ya mbele, taya lisiweze kusogea, kisha tamka i-e-a tena. Irabu zitatoka vizuri tu, na safari hii utahisi ulimi wenyewe ukihangaika: kwenye i umeinuka karibu na kaakaa, kwenye a umelala chini. Urefu wa irabu ni urefu wa mgongo wa ulimi. Konsonanti huzuia hewa mahali fulani. Irabu huiacha ipite huru, na kinachozitofautisha ni umbo la nafasi ambayo hewa inapitia.

Sifa ya pili ni umbele na unyuma, nayo ni ngumu zaidi kuihisi, maana ulimi hauna macho na sehemu yake ya nyuma haina hisia kali kama ncha. Jiandae kutamka i, lakini badala ya kutoa sauti, vuta hewa ndani kwa nguvu kupitia kinywa. Utahisi ubaridi sehemu ya mbele ya kinywa, chini ya kaakaa gumu. Fanya vivyo hivyo ukiwa umejiandaa kutamka u. Ubaridi umehamia nyuma, karibu na kaakaa laini. Hapo ndipo njia ilipo nyembamba zaidi, na hapo ndipo ulimi ulipoinuka. Ziko pia irabu ambazo ulimi wake haujasogea mbele wala nyuma, na a ya Kiswahili ni mojawapo.

Vitabu vyetu vya shule hutumia neno "kati" kwa mambo mawili tofauti katika jedwali moja. E huitwa ya kati kwa sababu ya urefu wake, ilhali a huitwa ya kati kwa sababu haiko mbele wala nyuma. Mwanafunzi asiyeonywa huamini kwamba e na a zina sifa moja ya pamoja, na hazina. Katika makala haya "kati" itakuwa ya urefu tu, na a nitaiita irabu ya chini iliyo katikati.

Sifa ya tatu ni midomo. Kwa hii kioo kinatosha: kwenye i na e midomo inatandazwa, kwenye o na u inaviringwa, na kwenye a imetulia. Ukitazama vizuri utagundua kwamba katika Kiswahili sifa hii haiongezi habari mpya. Irabu zetu za mbele zote ni tandazwa, na za nyuma zote ni viringe. Ukijua ulimi uko wapi, umeshajua midomo inafanya nini. Kwa sababu hiyo mzungumzaji wa Kiswahili anaweza kuishi maisha yake yote bila kushuku kwamba midomo na ulimi ni vitu viwili vinavyoweza kutengana.

Vinatengana. Tamka i ndefu, uishikilie, na bila kusogeza ulimi hata kidogo viringa midomo kana kwamba unataka kupiga mluzi. Sauti inayotoka si i wala u. Ni irabu ya juu, ya mbele, iliyo viringe, na Wafaransa huitumia kila siku katika neno lao la kumaanisha "wewe", linaloandikwa *tu*. Neno lao la "vyote", linaloandikwa *tout*, ndilo linalosikika karibu sana na *tu* yetu. Mtoto wa Bujumbura au Lubumbashi aliyekulia katika Kiswahili na lugha za jirani zisizo na irabu hiyo, anapoanza Kifaransa shuleni, huwa na njia mbili za kukosea. Akiweka ulimi mahali pake na kusahau midomo, anatoa *ti*. Akiviringa midomo na kuacha ulimi urudi nyuma kama ulivyozoea, anatoa *tu* ya Kiswahili. Mwalimu anayejua sifa hizi tatu hana haja ya kumwambia mtoto asikilize tena na tena. Anamwambia: ulimi wa i, midomo ya u.

Sasa tuchore. Fikiria uso wa mtu anayetazama kushoto, shavu limeondolewa ili ndani ya kinywa paonekane. Mbele ni kushoto, nyuma ni kulia, juu ni juu. Eneo ambalo ulimi unaweza kulifikia bila kuzuia hewa lina pembe nne, lakini si mraba. Upande wa juu ni mrefu, kwa kuwa ulimi ulioinuka unaweza kwenda mbele sana au kurudi nyuma sana. Upande wa chini ni mfupi, maana kinywa kikiwa wazi na ulimi umelala, nafasi ya kwenda mbele na nyuma hupungua. Mstari wa mbele kwa hiyo unashuka kwa mshazari kuelekea kulia, na umbo zima linakuwa pembenne iliyoinama upande mmoja.

Wazo la kuzipanga irabu kwa urefu na umbele lilikuwapo tangu karne ya 19. Alexander Melville Bell, mwalimu wa matamshi aliyezaliwa Uskoti, alilitumia katika mfumo wake wa maandishi uliochapishwa mwaka 1867. Lakini aliyeipa pembenne mipaka yake ni Daniel Jones, mwalimu wa fonetiki mjini London. Alilaza mnyororo mwembamba wa madini ya risasi juu ya ulimi wake, akatamka irabu za kupindukia, akapigwa picha za eksirei. Nyama ya ulimi haionekani vizuri kwenye eksirei, lakini risasi inaonekana, na mstari wa mnyororo ukaonyesha umbo la ulimi. Irabu zake nane za kupimia, zilizojulikana tangu mwaka 1917, si irabu za lugha yoyote. Ni mawe ya mpaka.

Jiwe la kwanza ni i iliyosukumwa mbele na juu hadi mwisho kabisa: ukiinua ulimi kidogo tu zaidi ya hapo, hewa inaanza kutoa mkwaruzo, na ulichonacho si irabu tena bali ni konsonanti. Naomba msomaji aushike mpaka huo, tutaurudia. Jiwe la pili liko pembe ya chini nyuma: a ya ndani kabisa, ile anayotaka kuisikia daktari anapokagua koo. Mawe haya mawili Jones aliyaweka kwa mwili. Mengine aliyaweka kwa sikio, hatua zilizosikika sawasawa kutoka i kushuka mbele, kisha kutoka pembe ya chini nyuma kupanda hadi u. Zikapatikana ngazi nne: juu, kati-juu, kati-chini na chini. Upande wa mbele ni i, e, ɛ na a. Upande wa nyuma ni ɑ, ɔ, o na u. Mtaalamu akisikia irabu ya lugha mpya, hailinganishi na lugha ya mama yake. Anauliza iko umbali gani kutoka kwenye jiwe lililo karibu.

Tuyaweke maneno yetu matano humo. I ya *tita* inakaa karibu na pembe ya juu kushoto, bila kuigusa. U ya *tuta* iko juu kulia. A ya *tata* iko chini, katikati ya upande mfupi. Zimebaki e na o, ambazo jedwali la shule linaziita za kati, na hapa pembenne inatudai tuseme zaidi, maana ina ngazi mbili za kati. Mswahili akitamka *teta* na *tota*, mara nyingi e na o zake huwa karibu zaidi na ngazi ya kati-chini, ɛ na ɔ, kuliko ile ya kati-juu. Zinaweza kupanda au kushuka kidogo bila mtu kushtuka, kwa sababu hakuna jirani wa kugombana naye: Kiswahili hakina neno ambalo maana yake hubadilika kwa kupandisha e ngazi moja.

Unaweza kulipima hilo mwenyewe. Iko programu ya bure iitwayo Praat, iliyotengenezwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, nayo inafanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida. Sauti ya irabu si mlio mmoja. Hewa iliyomo kooni na kinywani huvuma zaidi katika masafa fulani, na mivumo hiyo huitwa fomanti. Mbili za kwanza zinatosha kutambua irabu nyingi. Fomanti ya kwanza, F1, hupanda ulimi unaposhuka. Fomanti ya pili, F2, hupanda ulimi unapokwenda mbele, na hushuka ulimi unaporudi nyuma au midomo inapoviringwa. Hata bila kompyuta unaweza kuisikia F2: nong'ona i-e-a-o-u, bila sauti ya koo, na utasikia mnong'ono ukishuka kama mluzi unaoteremka ngazi.

Rekodi maneno matano katika chumba kimya, kila neno mara kadhaa, kwa mwendo wa kawaida. Weka kielekezi katikati ya irabu ya kwanza, mbali na t za pande zote mbili, na uisome F1 na F2. Kwa mwanamume mzima, i itakuwa karibu na hezi 300 kwa F1 na 2200 kwa F2. A itakuwa karibu na 750 na 1300. U itakuwa karibu na 330 na 800. Sasa chora, lakini geuza mistari yote miwili: F1 ianzie juu na kuongezeka kuelekea chini, F2 ianzie kulia na kuongezeka kuelekea kushoto. Ukimaliza kuweka nukta tano, pembenne iliyochorwa kutokana na ulimi itakuwa imejitokeza yenyewe kutokana na sauti. I iko juu kushoto, u iko juu kulia, a iko chini. Mara ya kwanza kuliona jambo hilo likitokea kwa sauti yangu mwenyewe, niliitazama karatasi kwa muda mrefu.

Kosa linalotokea mara nyingi linahusu u. F1 na F2 zake ziko karibu karibu, na programu wakati mwingine huzihesabu kuwa moja, kisha ikaipa fomanti ya tatu jina la F2. Dalili yake ni rahisi: u yako itaonekana imehamia kushoto, karibu na i, jambo ambalo hukulisikia. Dawa ni kubadilisha kikomo cha masafa ambayo programu inatafuta fomanti ndani yake. Kwa kawaida hezi 5000 huwafaa wanaume na 5500 wanawake. Lakini usimalize hapo. Hata kipimo kikiwa sahihi, u ya *tuta* itakuwa mbele kidogo kuliko u ya *bubu*, kwa sababu t hutamkwa kwa ncha ya ulimi kwenye ufizi, na ulimi uliobanwa kati ya t mbili hauwahi kurudi nyuma kikamilifu. Hilo si kosa la mashine. Ndivyo kinywa kinavyofanya kazi.

Wala usilinganishe namba zako na za mtoto wako. Mwaka 1952 Gordon Peterson na Harold Barney, wa maabara za kampuni ya simu ya Bell huko Marekani, walichapisha vipimo vya irabu za Kiingereza kutoka kwa wanaume, wanawake na watoto, jumla watu 76. Namba za irabu moja zilitawanyika hadi zikaingia katika eneo la irabu nyingine, maana kinywa kifupi huvuma kwa masafa ya juu zaidi. Mahali pa irabu ni mahali pake ukilinganisha na irabu nyingine za mtu yuleyule.

Eksirei za baadaye nazo zilionyesha kwamba sehemu ya juu kabisa ya ulimi haikai kila mara pale pembenne inaposema, hasa kwa irabu za nyuma. Ndiyo maana wataalamu wengi leo huichukulia pembenne kuwa ramani ya irabu zinavyosikika, inayofuata ulimi kwa karibu bila kuwa picha yake halisi. Mimi naona hilo halipunguzi thamani yake. Sikio la msikilizaji ndilo linaloamua kama umesema kuni au viazi.

Sasa kazi ambazo irabu hufanya kutokana na mahali pake. Chukua vitenzi vya asili ya Kibantu uvifanyie kauli ya kutendea. *Pika* inakuwa *pikia*, *funga* inakuwa *fungia*, *kata* inakuwa *katia*. Lakini *soma* inakuwa *somea*, na *cheka* inakuwa *chekea*. Kila mzungumzaji anajua kuchagua kati ya i na e bila kufikiri, hata kwa kitenzi alichokisikia leo kwa mara ya kwanza. Anachokifuata ni urefu. Irabu ya kiambishi ni i ya juu; ikitanguliwa na irabu ya kati, e au o, inashuka ngazi moja kuifuata. Ulimi ukishakuwa nusu ya njia, unabaki hapo.

Mtu makini atauliza: mbona *kata* haitoi *katea*? A iko chini kuliko zote. Ingepaswa kuivuta i zaidi. Jibu ni kwamba i haivutwi na uzito wa kushuka. Inachofanya ni kuchukua urefu wa kati kutoka kwa jirani mwenye urefu huo, na a haina urefu wa kati wa kumpa mtu.

Jambo linakuwa zuri zaidi kwenye kauli ya kutendua, ambayo kiambishi chake ni u. *Ziba* inatoa *zibua*, *panga* inatoa *pangua*, *kunja* inatoa *kunjua*. Baada ya o, u inashuka kama tulivyotarajia: kilichochomekwa kinachomolewa, na *songa* hutoa *songoa*. Je, baada ya e? Mtego uliotegwa hauteguliwi kwa *tegoa*. Tunasema *tegua*. E ni ya kati kama o, lakini haikuweza kuishusha u. Hapa urefu peke yake hautoshi kueleza. Ili u ishuke, irabu iliyotangulia ni lazima iwe ya kati na pia ifanane nayo kwa unyuma na kwa midomo. I haina masharti hayo. Inakubali kushushwa na e iliyo mwenzake wa mbele, na hata na o iliyo mbali nayo. Tofauti hiyo iko katika lugha nyingi za Kibantu, na huwezi hata kuitaja bila sifa zote tatu tulizoanza nazo.

Baki na *pika*. Mpikie mtu, unasema *pikia*: k imebaki k mbele ya i. Lakini anayepika ni *mpishi*: k imegeuka sh mbele ya i. Anayejenga ni *mjenzi*, anayefuata ni *mfuasi*, anayependwa ni *mpenzi*. Ilhali *patia* na *fuatia* zimeacha t ileile ikiwa salama. Irabu ni moja, i. Inawezaje kuiharibu konsonanti katika neno moja na kuiacha katika jingine?

Ukitaka jibu, msikilize Mkikuyu. Lugha yake ina irabu saba, na maandishi yake huzionyesha: i, ĩ, e, a, o, ũ, u. I na u zake ziko juu kama zetu. E na o zake ziko ngazi ya kati-chini, karibu na zetu. Na katika ngazi ya kati-juu, ambayo Kiswahili kimeiacha tupu, kuna ĩ na ũ. Sikio la Mswahili halina chumba kwa ajili yao, kwa hiyo huzisukuma juu au chini. Mji ambao Wakikuyu huuita Nyĩrĩ umeandikwa kwenye ramani Nyeri: irabu ileile imesikika e mara ya kwanza na i mara ya pili, ndani ya neno moja.

Kwa Kikuyu kupika ni *ruga*. Kumpikia mtu ni *rugĩra*, na mpishi ni *mũrugi*. Hizo hapo i zetu mbili, zikiwa bado zimekaa kila moja mahali pake. Ya kauli ya kutendea ni ĩ, ngazi ya kati-juu. Ya mtenda ni i, ngazi ya juu kabisa. Lugha mama ya Kibantu ilikuwa na irabu saba. Carl Meinhof, Mjerumani aliyeandika juu ya sauti za lugha hizi mwaka 1899, alishaona kwamba i na u za juu kabisa zinapaswa kutenganishwa na zile za chini yake. Katika njia iliyoleta Kiswahili, jozi hizo ziliungana, na saba zikawa tano.

Lakini kabla hazijaungana, i ya juu kabisa ilikuwa imeshafanya kazi yake. Kumbuka mpaka wa Jones: ulimi ukipanda kidogo zaidi ya pale, hewa inakwaruza. I ya juu kabisa iliishi jirani na mpaka huo. Konsonanti kama k au t ilipoachiliwa kuingia kwenye njia nyembamba namna hiyo, pumzi ilitoka kwa mkwaruzo, na kwa vizazi mkwaruzo huo ukawa konsonanti yenyewe: sh, s, z. I iliyokuwa ngazi moja chini yake ilikuwa na nafasi ya kutosha, na konsonanti zilizoitangulia zikapita salama. Kisha i mbili zikawa moja, na sababu ikatoweka huku matokeo yakibaki.

Ukishalijua hilo, utaliona kila mahali. *Kiti* na *viti*: kiambishi ki- kilikuwa na i ya ngazi ya pili, na Mkikuyu bado anasema *gĩtĩ*; kiambishi cha wingi kilikuwa na b iliyofuatwa na i ya juu kabisa, na b hiyo ndiyo iliyokwaruza ikawa v. Neno *shiriki*, lililotoka Kiarabu, lina k mbele ya i na halikuguswa, kwa kuwa lilifika mabadiliko hayo yakiwa yamekwisha.

Upande wa nyuma mambo yalikwenda vivyo hivyo, ila pale midomo nayo ilihusika. Kumi kwa Kikuyu ni *ikũmi*, yenye ũ ya ngazi ya pili. Kufa ni *kua*, yenye u ya juu kabisa, iliyoviringwa kwa nguvu. Katika neno la kwanza Kiswahili kimeiacha k kama ilivyokuwa: *kumi*. Katika la pili, mkwaruzo ulitokea kwenye midomo iliyokaribiana, k ikawa f, na u yenyewe ikamezwa. Tunasema *fa*, na tunasema *kifo* na *wafu*, na f hiyo ni alama iliyoachwa na irabu ambayo haimo tena katika neno.